Mbavu za ng'ombe za saa sita, kutoka Kasulu mpaka Kibondo



Mwezi uliopita bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni lake la walima. Mimi nimepiga magoti chini natia pini kwenye pindo, yeye juu anahema tu. Nikamuuliza gauni linambana? Akasema gauni halina neno, kinachomkosesha usingizi ni mbavu. Mumewe mtarajiwa amekaa Maskati miaka, amezoea mbavu za ng'ombe za oveni, zile ambazo ukishika mfupa nyama inabaki kwenye sahani. Na yeye amejaribu mara mbili kwao, mara zote mbili zimetoka ngumu kama kandambili. "Dada, nikiongeza moto zinakauka, nikipunguza haziivi. Sasa niziache nimpikie biriani kila siku?"

Nilicheka mpaka pini ikanichoma, maana maneno hayo hayo nimeyasema mimi, tena mbele ya mama mkwe.

Wanaonijua wanajua nimeolewa bara, mkoa wa Kigoma, na cherehani zangu ziko Kasulu. Unguja naja msimu wa harusi. Ukisikia Kigoma usifikirie ziwa na joto la Ujiji. Kasulu na Kibondo ziko juu, kwenye milima ya Waha, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi unavaa sweta. Urefu huo una maana yake jikoni, nitaieleza. Wakwe zangu wako Kibondo. Eid yangu ya kwanza huko nilitaka kuwaonyesha kwamba mtoto wa Unguja anajua kupika kitu zaidi ya pilau, nikanunua mbavu, nikatafuta maelekezo kwenye simu, nikayafuata neno kwa neno. Digrii 150, saa mbili na nusu, toa, pakaza, andaa. Rangi ilikuwa ya kupigiwa picha. Mama mkwe akauma, akatafuna, akatafuna tena, akaweka mfupa pembeni kwa adabu akaomba maharage.

Nilikuja kugundua baadaye kwamba maelekezo yale yalikuwa ya mbavu za nguruwe. Aliyeandika hakuficha, mimi ndiye sikusoma juu. Huko mitandaoni ukitafuta mbavu za oveni, nyingi utakazoziona ni za nguruwe, na watu wetu hubadilisha nyama tu wakaacha saa zile zile. Kwetu nguruwe haramu, hilo halina mjadala, lakini hata mpishi asiyejali dini angekwambia kwamba saa zake hazimfai ng'ombe. Nguruwe wa biashara huchinjwa akiwa na miezi sita hivi, mbavu zake nyembamba, nyama laini. Ng'ombe wa Kasulu ni mtu mzima. Amepanda na kushuka milima kwa miaka, amekula majani tu, na wengine ni wale wenye pembe ndefu wa jamii ya Ankole. Ladha yake huipati kwa ng'ombe wa kulishwa zizini, lakini misuli yake imefanya kazi, na kilichofanya kazi kina utando mwingi.

Huo utando ndio habari yote. Kata ubavu mbichi uutazame, utaona weupe unaopita katikati ya nyama na mwingine unaoshika nyama kwenye mfupa. Ni kitu kile kile kinachofanya supu ya makongoro inate midomoni. Moto ukifika digrii sitini na kitu ndani ya nyama, utando huo haulainiki, unajikunja. Unabana nyama na kuikamua maji, kama lastiki uliyoishona kwenye kiuno halafu ukaivuta. Nyama ikipita sabini ndipo utando unapoanza kuyeyuka, na unayeyuka taratibu, kwa saa nyingi. Kwa hiyo kuna kipindi katikati ambapo mbavu ni ngumu kuliko zilivyokuwa mbichi. Mimi Eid ile nilizitoa kwenye kipindi hicho hicho, na yule bibi harusi vile vile. Yeye alidhani zimepitiliza moto, kumbe hazijafika. Akiziona ngumu anazitoa haraka zisizidi kuharibika, wakati dawa ni kuzirudisha.

Nafasi ya kusahihisha niliipata wifi yangu alipoolewa. Walima ilikuwa Kibondo, Jumapili baada ya adhuhuri, pilau ya watu wote wanapika wenyewe kule, na mimi nikajitia kimbelembele kuleta mbavu za sinia la maharusi na wazee. Kilo sita. Mama mkwe alinitazama tu akasema, "Haya mwanangu, Mungu akujaalie." Nikajua bado anaikumbuka ile Eid.

Nyama niliinunua Ijumaa asubuhi. Hapa lazima niseme jambo ambalo sisi tunaonunua bucha hatuliangalii. Ng'ombe anachinjwa alfajiri, saa mbili nyama inauzwa, saa sita iko chunguni. Nyama ya namna hiyo bado imekakamaa, mwili wa mnyama hukaza baada ya kufa na huchukua siku moja au zaidi kulegea. Kwa mchuzi haisumbui sana. Kwa mbavu za oveni, ikae kwenye friji siku mbili, imefunikwa, sehemu ya baridi zaidi lakini si kwenye barafu. Ndiyo maana Ijumaa kwa kazi ya Jumapili.

Jambo la pili la bucha ni shoka. Muuzaji akisikia mbavu, mkono unaenda kwenye shoka mwenyewe, na kabla hujamaliza salamu zimeshakuwa vipande vya supu vyenye chenga za mifupa. Mwambie mapema: nataka za kifuani, upande wenye nyama nene, bamba zima la mbavu tatu au nne, usikate. Zikiwa pamoja mifupa inalinda nyama upande wa chini, na nyama haikauki pembeni. Zile za juu mgongoni nyama yake iko katikati ya mifupa tu, juu hakuna kitu, utapika saa sita ule vidole.

Nyumbani nilitoa utando wa ndani ule unaong'aa upande wa mifupa. Unaingiza ncha ya kisu butu chini yake, ukishainuka unaushika na kitambaa kikavu unauvuta, unatoka kama kitambaa cha kubandika kinavyobanduka. Huo hauyeyuki, uache na utautafuna. Mafuta ya juu niliyapunguza, sikuyamaliza, niliacha unene wa kama sarafu mbili. Kisha chumvi, vijiko viwili vya chai vya kusawazisha kwa kila kilo, maana sehemu kubwa ya uzito ni mifupa, ukitia ya kilo nzima ya nyama itakolea. Chumvi niliitia Jumamosi mchana ili iwe na muda wa kuingia ndani. Usiku nikapaka pilipili manga, uzile uliokaangwa na kusagwa, kitunguu thomu na mdalasini kidogo sana. Tangawizi na ndimu sikutia kwenye hatua hii. Tangawizi mbichi ikikaa usiku kucha inalainisha nyama kwa juu tu, inakuwa kama uji, na ndani ngumu vile vile.

Tatizo likawa oveni. Yangu ni ya mezani, inaingia kilo mbili. Jirani yangu anaoka keki za biashara, ana jiko kubwa lenye oveni ya umeme, akanipa kwa moyo mweupe. Ni Mkristo, na akaniambia mwenyewe kabla sijauliza, "Dada, Krismasi nilichoma kitimoto humo, nisikufiche." Nilimshukuru sana kwa kuniambia. Wapo wanaoona haya kuuliza na wapo wanaoona haya kusema, halafu ndiyo ugomvi wa ujirani. Nilikwenda kwa shehe wetu. Akanikumbusha kwamba kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi kauli iliyo mashuhuri ni kuosha mara saba, moja iwe na udongo safi, na wapo wanazuoni wanaoona kuosha mpaka athari yake iondoke kunatosha. Mimi nilichukua la tahadhari. Jirani akasaidia kutoa nyavu na kufuta mafuta yote ya kuta kwa sabuni, kisha nikaosha hizo mara saba, na trei pamoja na wavu wa kuwekea nyama nikaja na vyangu. Hakuchukia hata kidogo. Alisema oveni yake haijawahi kung'aa hivyo.

Tukaipima joto. Hili usilipite, shoga. Kitufe cha oveni kinasema kinavyotaka. Nina kipimajoto kidogo cha kusimamisha ndani ya oveni, nilikinunua Darajani, bei yake haifiki mita mbili za lesi. Tuliweka kitufe kwenye 140, tukasubiri nusu saa, kipimajoto kikasoma 165. Tukarudisha nyuma mpaka tukapata 140 ya kweli, nikatia alama ya kalamu ya nguo pale kitufe kiliposimama. Tofauti ya digrii 25 kwenye keki utaiona juu imepasuka. Kwenye mbavu za saa sita itakuunguzia viungo kabla nyama haijaanza kulegea.

Kwa nini 140? Ukienda 120 zinaiva vizuri sana ila zinataka saa nane au zaidi, na hapo umeme na bili vinakuangalia. Ukivuka 160 nje inakauka ndani bado inabana. Kati ya 135 na 145 ndipo nilipozoea.

Jumapili saa kumi usiku niliziingiza, mifupa chini, juu ya wavu, trei yenye maji kidogo chini yake ili mafuta yanayodondoka yasiungue na kutoa moshi. Bila kufunika. Nikaswali alfajiri, nikamalizia kutia shanga kwenye mtandio wa wifi, nikaziacha. Saa mbili na nusu za mwanzo ndizo za rangi na harufu, na ukifunika mapema utapata mbavu za kijivu kama za kuchemsha. Katika muda huu nyama ikifika sitini na kitu kuelekea sabini inasimama. Unapima sasa, unapima baada ya nusu saa, pale pale. Haijaharibika na oveni haijafa. Maji yanatoka kwenye nyama na kukauka, yanaipoza, kama unavyosikia baridi ukiwa na nguo mbichi mwilini. Hapa ndipo wengi wanapoongeza moto. Usiongeze. Hapa ndipo pa kufunga.

Namna ya kufunga: karatasi ya foili mbili, moja juu ya nyingine, kubwa za kuzunguka bamba zima. Yale makavu ya juu yasikwaruzwe. Unaweka mbavu, unamimina robo kikombe cha maji yenye ukwaju pembeni, si juu yake, ukimimina juu unaosha viungo ulivyovikausha saa mbili. Kunja kingo mara mbili mbili kama unakunja pindo la shuka, ubane. Mvuke ukitoroka, umefunga kazi bure. Mifupa ikichomoza itatoboa, kwa hiyo kwenye ncha za mifupa naweka kipande kingine cha foili kilichokunjwa. Nilikuwa na mafungu mawili ya kilo tatu tatu. Yakarudi ndani saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Saa mbili umeme ukakatika.

Nitakwambia ukweli, nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikataka kulia. Saa nne zimepita, mbavu ziko ndani ya kile kipindi kibaya kabisa, na saa tano gari linaondoka kwenda Kibondo. Jirani akasema tusubiri. Oveni iliyofungwa mlango inahifadhi joto, hilo kweli, lakini baada ya dakika ishirini kipimajoto kilikuwa 110 na kinashuka. Nikakumbuka mama yangu na mkate wake wa mchele. Sisi tumelelewa na oveni ya makaa, tumejisahaulisha tu. Nikachukua sufuria mbili kubwa nene, chini nikatandaza mchanga mkavu na kifuniko cha bati juu yake ili foili isiguse moto moja kwa moja, nikaweka mafungu, nikafunika kwa sinia, nikapalia makaa: machache chini, mengi juu. Kipimajoto cha oveni nikakiweka ndani pembeni ya fungu, nikikichungulia kila baada ya robo saa. Kilicheza kati ya 130 na 150, nikizidisha naondoa makaa mawili, kikishuka naongeza. Kwa sababu nyama ilikuwa imefungwa vizuri na ina maji yake, kuyumba kule hakukuidhuru. Ingekuwa wazi, ingeungua juu.

Hiyo nayo ni faida ya kufunga ambayo watu hawaisemi. Baada ya kufunga, rangi imeshapatikana na moshi umeshaingia kama ulitaka moshi. Kilichobaki ni joto na muda, na nyama haijui kama joto limetoka TANESCO au limetoka kwenye gunia la makaa.

Sasa kuiva kunajulikanaje? Saa zangu zote hizi ni za kukufikisha karibu. Ng'ombe mmoja atataka saa tano na nusu, mwenzake saba. Nilifungua fungu la kwanza saa tatu na nusu, kwa uangalifu, mvuke ule unababua uso. Natumia kijiti cha mishikaki. Unakichoma katikati ya mifupa miwili, mahali pa nyama nene, si kwenye mafuta. Sikiliza mkono wako. Kikikwama katikati kisha kikapita kwa kusukumwa, bado. Mara hii ya kwanza kilikwama. Nikashika mfupa na kitambaa nikauzungusha, ukagoma. Nikafunga tena nikarudisha, sikugusa kitu kingine.

Saa nne na robo nikachoma tena, kijiti kikaingia kama kwenye muhogo uliochemka vizuri, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mfupa ulizunguka kidogo mahali pake bila kuchomoka. Nyama ilikuwa imerudi nyuma na kuacha ncha ya mfupa wazi kama upana wa kidole. Nikiinua bamba kwa koleo katikati, linajipinda pande zote mbili na juu panaanza kupasuka. Hapo ni hapo. Ukiendelea mpaka mfupa unachomoka wenyewe ukiinua, zitakuwa tamu bado lakini hazitakatika vipande vizuri, na kwenye sinia la maharusi zitaonekana kama nyama ya kusaga.

Wenye kipimajoto cha kuchoma nyama: maelekezo mengi yatakwambia subiri digrii 95 au 96. Hapa ndipo urefu wa milima unapokuja. Kasulu maji yanachemka kwenye 95 na kitu, si 100 kama kwetu pwani. Nyama iliyofungwa na mvuke wake haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Ukiwa Kasulu au Kibondo ukasubiri 96, utasubiri mpaka maji yote yakauke ndani ya foili, na nyama ikauke nayo. Mimi huko naanza kuchoma kijiti kwenye 91, na mara nyingi inakubali kwenye 92 au 93 baada ya kukaa hapo muda. Siku ile ilisoma 92. Hapa Unguja sisumbuki na hilo, lakini kijiti ndicho kinachoamua, kote kuwili.

Na kama umefungua ukaikuta ngumu, itazame kabla hujaamua. Ngumu lakini ina maji, ukiibonyeza inarudi kama mpira, hiyo haijaiva, irudishe nusu saa nyingine. Kavu, inachambuka nyuzi nyuzi kama sufi na haina maji ndani ya foili, hiyo imepita. Ya kwanza inatibika kabisa. Ya pili ichambue uitie kwenye mchuzi wa nazi, usimwambie mtu.

Nilifungua foili kidogo dakika kumi mvuke mkali utoke, maana ukifunga moto ule ule zinaendelea kuiva njiani. Yale maji na mafuta yaliyobaki nikayamimina kwenye chupa ya chai. Nikafunga upya kwa foili mpya, nikazungushia taulo mbili na kanga kuukuu, nikaweka kwenye deli kubwa, lile la kuwekea barafu na soda, ambalo nilikuwa nimelimiminia maji ya moto kwanza lipate joto kisha nikayamwaga. Nikajaza nafasi iliyobaki kwa taulo. Deli lenye nafasi tupu linapoa.

Tulifika Kibondo saa saba na nusu mchana, saa tatu na zaidi tangu zitoke kwenye makaa. Nilichoma kipimajoto mbele ya mama mkwe: 66. Ingekuwa chini ya 60 nisingezipeleka mezani hivyo hivyo, ningezipasha upya mpaka ziwe moto kabisa, nyama ya vuguvugu kwa saa nyingi inalaza watu hospitali, na walima si mahali pa majaribio. Kukaa kule kwenye deli kumezifaa vile vile, maji yaliyokuwa yanachuruzika yametulia ndani ya nyama. Ukikata mbavu zikitoka tu motoni yote yanakimbilia kwenye sinia.

Ukwaju mzito niliuchemsha na asali kidogo na pilipili, nikapakaza mara mbili, nikazipitisha juu ya makaa makali dakika chache tu zing'ae. Asali ikitiwa mapema inaungua na kuwa chungu, ndiyo maana inangoja mwisho. Nikakata katikati ya mifupa, mfupa mmoja mmoja, nikapanga kwenye sinia juu ya majani ya mgomba, na kachumbari na ndizi za kuchoma pembeni.

Mama mkwe alichukua mmoja jikoni, kabla sinia halijatoka. Akauma. Nyama ikaachia pale alipouma tu, sehemu nyingine ikabaki kwenye mfupa, vile vile nilivyotaka. Hakusema kitu. Alilamba kidole, akachukua wa pili akaufunga kwenye kitambaa, akasema huu wa baba yenu, ana meno mabovu.

Kwa bibi harusi wangu mwenye pini nilimwandikia kwenye karatasi ya vipimo vyake, nyuma ya urefu wa mkono: kilo moja na nusu inawatosha wawili na kiporo, bamba la mbavu tatu, 140 ya kweli, saa mbili wazi, kisha amefunga, aanze kuchoma kijiti saa ya tano. Bamba dogo halipunguzi muda sana kama unavyodhani, maana unene wa nyama ni ule ule. Nikamwambia afanye mazoezi siku ambayo mume hayupo.

Ile chupa ya chai ya maji ya mbavu tuliisahau kwenye deli mpaka usiku. Tukaiweka friji, asubuhi mafuta yameganda juu meupe na chini rojo inatikisika. Mama mkwe akaondoa mafuta, akaitia rojo yote kwenye chungu cha maharage, tukala na ugali wa muhogo kabla sijapanda gari kurudi Kasulu.